Abu Huraira, Aba Huraira, Abi Huraira: Mtu Mmoja, Hali Tatu

Anayehudhuria darsa za hadithi kwa muda mrefu hukutana na swali ambalo watoto huliuliza kabla ya wakubwa. Leo sheikh amesoma "Abu Huraira", kesho atasoma "Abi Huraira", na siku nyingine litamtoka "Aba Huraira". Je, hawa ni maswahaba watatu? Katika darasa letu dogo la jioni huku Ukata, katika milima ya Umatengo wilayani Mbinga, swali hilo huulizwa karibu kila mwaka. Huulizwa kwa haya, kana kwamba muulizaji anahofia kuonekana hajui dini. Sisi tunaliona kuwa ndilo swali bora kabisa la kuanzia elimu ya nahau ya Kiarabu, kwa sababu ndani ya jina hilo moja zimo karibu sheria zote ambazo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anazihitaji.

Jibu fupi ni kwamba ni mtu yuleyule. Kilichobadilika ni kazi ya jina katika sentensi. Katika Kiarabu, jina likibadili kazi, mwisho wake nao hubadilika.

Sisi wenye lugha za Kibantu jambo hili hutupa tabu kwa sababu ya wazi. Tukisema "Juma alimwita Ali", aliyeita anajulikana kwa kutangulia, na aliyeitwa kwa kufuata, na kitenzi kikabeba alama za wote wawili. Jina "Juma" halibadiliki hata herufi moja, awe ameita au ameitwa. Ndivyo ilivyo katika Kiswahili, ndivyo ilivyo kwa Mmatengo wa milimani, na ndivyo ilivyo kwa Mnyasa anayevua usipa kule chini Mbamba Bay. Mwarabu anaweza kumtanguliza aliyeitwa na kumchelewesha aliyeita, na msikilizaji asipotee, kwa kuwa anasikiliza mwisho wa kila jina.

Miisho hiyo ina hali tatu. Ya kwanza huitwa raf'u, na alama yake ya asili ni dhumma, yaani sauti ya "u". Ya pili ni nasbu, na alama yake ya asili ni fat-ha, sauti ya "a". Ya tatu ni jarri, ambayo wengine huiita khafdhi, na alama yake ya asili ni kasra, sauti ya "i". Jina lisilo na "al" mbele yake, wala halikuunganishwa na jina jingine, huongezewa nuni ya tanwini: kitabun, kitaban, kitabin. Likiingiwa na "al", tanwini huondoka: al-kitabu, al-kitaba, al-kitabi. Mabadiliko hayo ya miisho ndiyo Waarabu wanayoyaita i'rabu. Kiswahili kimelichukua neno hilo kikalipa maana nyingine, ndiyo maana mtoto aliyefundishwa shuleni kwamba irabu ni a, e, i, o, u hushangaa ustadhi anapomwambia, "Lifanyie neno hili i'rabu."

Hapo ndipo Kiswahili kinapotutegea mtego wa pili, ambao hatujauona ukitajwa katika vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya Waarabu wenyewe. Kiswahili hakipendi neno liishie kwenye konsonanti, kwa hiyo kila jina lililotoka Uarabuni kililifungia mlango kwa sauti ya kwake. Kama herufi ya mwisho hutamkwa kwa midomo, kama "b" au "m", aghalabu tuliongeza "u": kitabu, adabu, sababu, kalamu, mwalimu. Kama ni nyingine, mara nyingi tuliongeza "i": rafiki, samaki, safari, hatari. Sauti hizo hazina uhusiano wowote na raf'u wala jarri. Ila mwanafunzi anapofungua kitabu kisicho na alama za irabu, ulimi wake hurudi nyumbani: kila "kitab" ataisoma kwa "u" na kila "rafiq" ataisoma kwa "i", hata ikiwa kazi za maneno hayo katika sentensi ni tofauti kabisa. Mzazi anaweza kuligundua hili bila kuwa mjuzi. Akimsikia mwanawe anasoma Kiarabu na miisho yote inafanana na ya Kiswahili, ajue kwamba mtoto anasoma kwa mazoea na bado hajasoma kwa i'rabu.

Kwamba mwisho wa neno unaweza kugeuza maana si jambo la kudhania. Katika Sura ya Tawba, aya ya 3, Mwenyezi Mungu anatangaza kuwa amejitenga na washirikina, na kwamba Mtume wake naye amejitenga nao. Neno "Mtume wake" hapo husomwa "rasuluhu", kwa dhumma ya lamu. Imesimuliwa kuwa zamani za mwanzo mtu mmoja alisikiwa akilisoma "rasulihi", kwa kasra. Kwa sauti hiyo moja Mtume aliunganishwa na washirikina, maana ikawa kwamba Mwenyezi Mungu amejitenga na washirikina na amejitenga na Mtume wake pia, jambo ambalo hakuna Muislamu anayelisema. Riwaya zinatofautiana kuhusu lilitokea mbele ya nani, lakini zinalihusisha na kazi ya Abul-Aswad Ad-Duali, aliyefariki Basra mwaka 69 Hijria. Yeye ndiye anayesifiwa kwa kuutia Msahafu nukta za i'rabu kwa wino wa rangi tofauti na ule wa maandishi: nukta juu ya herufi kwa fat-ha, chini yake kwa kasra, na mbele yake kwa dhumma. Alama tunazozitumia leo, ile wau ndogo na vile vistari vya juu na chini, zinanasibishwa na Khalil bin Ahmad Al-Farahidi, mwanachuoni wa karne ya pili Hijria mwenye asili ya Oman. Hivyo basi mtoto wa Mbinga anayeangalia dhumma juu ya herufi anaangalia kazi ya mtu ambaye asili yake ni nchi iliyo jirani wa bahari na pwani yetu.

Tukirudi kwenye swali la wanafunzi: mtu anajuaje mwisho ulio sahihi? Kitabu ambacho wengi wetu tulianzia ni Al-Ajurumiya, cha Ibn Ajurum wa Fasi, aliyefariki mwaka 723 Hijria, yaani 1323. Ni kitabu chembamba na chenye baraka nyingi, nacho kinahesabu sehemu 7 za majina ya raf'u, 15 za nasbu, na 3 tu za jarri. Kinaanza na raf'u kwa sababu ndiyo nguzo ya sentensi. Sisi hatuna ugomvi na mpango huo kwa anayehifadhi. Lakini kwa anayesoma na kutafuta mwisho wa neno lililo mbele yake, tunamshauri aanzie nyuma, kwenye jarri, kwa sababu milango yake ni michache na inaonekana kwa macho.

Basi ukilikuta jina, jiulize kwanza: je, limetanguliwa na herufi ya jarri, kama min, ila, an, ala, fi, au bi na li zinazobandikwa? Kama ndiyo, shughuli imekwisha, ni jarri. Kama hapana, jiulize: je, ni jina la pili katika mawili yaliyounganishwa kwa maana ya "cha", "ya" au "wa", kama kitabu cha mwalimu? Hilo la pili huitwa mudhafu ilaihi, nalo ni jarri daima, liwe mwanzoni mwa sentensi au mwishoni. Sehemu ya tatu ya jarri ni jina linalolifuata jingine, kama sifa au jina lililounganishwa kwa wau ya "na", na hilo huchukua hali ya kiongozi wake, iwe jarri au nyingineyo.

Jina lililovuka milango hiyo bila kukamatwa liulizwe la raf'u: je, ndilo lililotenda kitendo? Je, kitendo kimetajwa bila mtendaji na jina hili limekaa mahali pake? Au je, sentensi haikuanza na kitendo, na jina hili ndilo linalozungumziwa, au ndilo habari yake? Kama ndiyo, ni raf'u, ila tazama kama mbele yake pana "inna" au "kana". "Inna" humtia nasbu anayezungumziwa na kuiacha habari kwenye raf'u. "Kana" hufanya kinyume: humwacha anayezungumziwa kwenye raf'u na kuitia nasbu habari yake. Lililobaki baada ya maswali yote hayo, karibu kila mara, ni nasbu: liwe lililotendwa, wakati, namna, sababu au hali. Ndiyo maana sehemu za nasbu ni nyingi kiasi kile. Anayezihifadhi zote 15 kabla ya kujifunza kusoma huchoka njiani.

Kazi ikishajulikana huwa bado nusu. Linabaki swali la pili: jina hili ni la aina gani, na aina hiyo huonesha hali yake kwa alama ipi? Si kila jina linatumia u, a, i. Tuichukue sentensi moja tuliyoitunga kwa ajili ya watoto wa huku, ambao samaki wa ziwani wanawajua kuliko ngamia wa vitabuni:

Ishtara akhul-mudarrisi samakataini minas-sayyadina.

Maana yake ni "Ndugu wa mwalimu alinunua samaki wawili kwa wavuvi." Tuanze na jarri, kama tulivyosema. Tunaiona "mina", herufi ya jarri, kwa hiyo "wavuvi" ni jarri. Lakini neno hilo ni wingi wa kiume uliokamilika, na wingi huo hautumii kasra: husema "-una" kwenye raf'u, na "-ina" kwenye nasbu na jarri. Ndiyo maana tumesema sayyadina, na alama yake ni ile yaa. Kisha tunaiona "al-mudarrisi": ni ndugu wa nani? Wa mwalimu. Basi ni mudhafu ilaihi, ni jarri, na kwa kuwa ni jina la umoja la kawaida, alama yake ni kasra. Milango ya jarri imefungwa, zimebaki "akhu" na "samakataini". Nani alinunua? Ndugu. Ni mtendaji, ni raf'u. Lakini mbona hatukusema "akhun" wala hatukuishia kwenye dhumma fupi, bali tumevuta "akhuu"? Kwa sababu "akhu" ni katika majina matano ambayo huonesha raf'u kwa wau, nasbu kwa alifu na jarri kwa yaa. Sauti ya kuvuta husikika fupi hapa kwa kuwa "al" imefuata, lakini katika maandishi wau ipo. Mwisho, alinunua nini? Samaki wawili. Ni kilichotendwa, ni nasbu, na kwa kuwa ni wawili, alama yake ni yaa: samakataini. Wangekuwa raf'u wangesomwa "samakatani".

Sasa tulibadilishe kidogo, maana mwanafunzi huelewa pale anapoliona jina lilelile likihama. Tuweke "inna" mbele: Inna akhal-mudarrisi ishtara samakataini. Ndugu ni yuleyule na ameendelea kununua, lakini "akhu" imekuwa "akha", kwa kuwa "inna" imemshika. Tuseme tena: Hadhihi samakatu akhil-mudarrisi, "Huyu ni samaki wa ndugu wa mwalimu." Hapa ndugu amekuwa mwenye kumiliki, ni mudhafu ilaihi, ndiyo maana tukasema "akhi". Samaki naye amepanda kutoka nasbu hadi raf'u, kwa kuwa sasa ndiye habari ya sentensi. Kisha tuwape mtihani: Fis-suqi samakatani, "Sokoni mna samaki wawili." Wengi hutaka kusema "samakataini" kwa sababu neno liko mwishoni, na wamezoea kuwa kilicho mwishoni ndicho kilichotendwa. Lakini hakuna kilichotenda hapo. Samaki ndio wanaozungumziwa, wamecheleweshwa tu, nao ni raf'u.

Kuna kosa moja ambalo limeenea zaidi kuliko yote, nalo ni kuanzia kwenye alama na kurudi nyuma kwenye kazi. Mwanafunzi huona "-ina" au "-aini" akasema haraka, "Hii ni jarri, ina yaa." Inaweza kuwa nasbu pia, na alama haiwezi kumwambia ni ipi. Wingi wa kike nao una utata wa namna hiyo: al-mudarrisatu kwenye raf'u, na al-mudarrisati kwenye hali zote mbili zilizobaki. Ukisikia kasra kwenye wingi wa kike, usikimbilie kutafuta herufi ya jarri ambayo haipo. Tafuta kazi kwanza, alama itajieleza.

Tukiwa na hayo mkononi, tunaweza kumrudia sahaba wetu. "Abu" ni mmoja wa majina yale matano. Mengine ni akhu, hamu ambaye ni mkwe, fu ambayo ni mdomo, na dhu, yaani mwenye. Sheikh anaposema "Qala Abu Huraira", Abu Huraira amesema, yeye ni mtendaji, ni raf'u, alama wau. Anaposema "Inna Aba Huraira", inna imemshika, ni nasbu, alama alifu. Anaposema "An Abi Huraira", maana yake "imepokewa kutoka kwa Abu Huraira", herufi "an" ni ya jarri, alama yaa. Na kwa kuwa isnadi nyingi huanza na "an", masikio yetu yameisikia "Abi" mara nyingi kuliko mbili nyingine. Vivyo hivyo kwa Ali bin Abi Talib: baba yake tunamwita Abu Talib akitajwa peke yake, lakini baada ya "bin" amekuwa mudhafu ilaihi, na ndiyo maana hakuna anayesema "Ali bin Abu Talib" katika Kiarabu fasaha.

Neno "dhu" nalo linaishi majumbani mwetu bila sisi kulitambua. Mwezi wa Dhul-Hijja ni "wenye hija", lakini khatibu akisema "katika mwezi wa" kwa Kiarabu, utasikia "fi shahri Dhil-Hijja", kwa yaa. Na Sayyidna Uthman anaitwa Dhun-Nuraini, mwenye nuru mbili, kwa kuwa aliwaoa mabinti wawili wa Mtume (s.a.w.), mmoja baada ya kufariki mwenzake. Sikiliza lakabu hiyo: "dhu" ina wau ya raf'u, na "nuraini" ina yaa ya jarri, kwa kuwa ni mbili na ni mudhafu ilaihi.

Limebaki jambo moja katika jina la Abu Huraira, nalo ndilo linalowashinda hata waliosoma miaka kadhaa. Baada ya "Abi", neno "Huraira" ni mudhafu ilaihi. Kwa sheria tuliyoitaja lingetakiwa kasra. Lakini sheikh asiyesimama hapo, anayeendelea na dua ya kumtakia radhi, husema "an Abi Hurairata", kwa fat-ha. Je, amekosea? Hapana. Kuna majina yasiyokubali tanwini, na majina hayo huonesha jarri kwa fat-ha. Jina la mtu lenye taa ya kike mwishoni ni mojawapo, hata kama mwenyewe ni mwanamume. Ndiyo maana utasikia "an Anasin", kwa kasra na tanwini, lakini "an Umara", "an Uthmana", "an Aishata", zote kwa fat-ha ilhali zote ni jarri. Jina la aina hii hurejea kwenye kasra likiingiwa na "al" au likiunganishwa na jina jingine: tunasema "fi masajida kathiratin", katika misikiti mingi, lakini "fil-masajidi", katika hiyo misikiti. Wengi hawalisikii hili kwa kuwa msomaji akisimama mwisho wa neno, haraka ya mwisho huanguka, na "Hurairata" huwa "Huraira" tu. Mzazi anayetaka kujua kama mwanawe ameielewa sheria amwambie aisome isnadi bila kusimama.

Na wazazi wenyewe wasije wakatahadharisha pasipo hatari. Mtoto akisema "Jaa abi", baba yangu amekuja, "abi" hiyo si ya jarri. Majina matano hutumia wau, alifu na yaa kwa sharti kwamba yawe ya umoja na yawe yameunganishwa na jambo jingine lisilokuwa yaa ya msemaji. Yakiunganishwa na "yangu", yaa hiyo huivuta herufi iliyo kabla yake iwe na kasra daima, na i'rabu yake hukadiriwa tu, haionekani. Kwa hiyo "Jaa abi", "Raaitu abi" na "Salamun ala abi" zote ni sawa kwa sauti, na hali zake ni tatu. Ila ukimtaja baba wa mwingine, mara moja zinatengana: Jaa abuka, Raaitu abaka, Salamun ala abika. Jirani zetu wanaoitwa Abubakari wabaki na jina lao vilevile katika vitambulisho vyao, maana Kiswahili kililipokea likiwa kwenye raf'u na kuligandisha hapo. Wakitajwa kwa Kiarabu baada ya "inna", wataitwa Aba Bakrin, na baada ya "an", Abi Bakrin.